Njugu kwenye pakti ya biskuti: kusoma lebo ya Kiarabu, na kidogo Kituruki, ukiwa na mtoto mwenye mzio

Rafu moja ya duka la Darajani au Chake Chake inaweza kubeba biskuti za Dubai, za Uturuki na za Indonesia, na kila pakti inasema kwa lugha yake. Mzazi wa mtoto mwenye mzio wa njugu hahitaji kuielewa pakti nzima. Anahitaji jibu la swali moja tu: humu ndani mna njugu, au huenda zimo? Jibu hilo linapatikana kwa kutambua maneno machache kwa umbo lake, kama mtu anavyomtambua jirani yake kwa mbali kwa mwendo.

Mwongozo huu unashughulika na njugu, zile ambazo bara huitwa karanga, na unakaa zaidi kwenye Kiarabu. Sababu ya kuchagua Kiarabu ni kwamba wengi wetu tumepita chuoni. Herufi tunazijua hata kama lugha hatuijui, na Kiswahili chenyewe kimebeba maneno mengi ambayo yamechapishwa nyuma ya pakti. Mwenye mzio wa maziwa, ufuta au samaki atafuata njia hii hii, ila atabadilisha neno analolitafuta.

Kadi kabla ya kutoka nyumbani

Usianze kutafuta neno ukiwa umesimama dukani na mtoto anakuvuta mkono. Andika kadi nyumbani, ipige picha, na picha uiweke kwenye simu pahali pa kufunguka upesi. Kwa njugu kadi inatosha kuwa na mistari minne:

Kiarabu: فول سوداني (ful sudani)
Kiajemi: بادام زمینی (badam zamini)
Kituruki: yer fıstığı
Kiindonesia: kacang tanah

Waarabu wameiita kunde ya Sudan. Wale watatu wengine wameiita kwa pahali inapokomaa: *zamini*, *yer* na *tanah* yote yana maana ya ardhi, kwa sababu ganda la njugu hukomaa chini ya udongo. Ukilikumbuka hilo hutashangaa kuona jina la njugu limejengwa juu ya jina la lozi au la kokwa nyingine. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, kwa kusoma nusu ya jina.

Mstari wa Kiajemi umo kwa sababu bidhaa za Iran zinafanana sana na za Kiarabu kwa mtazamo wa haraka. Njia ya kuzitofautisha ni kutafuta herufi ambazo mwalimu hakukufundisha chuoni: پ yenye vitone vitatu chini, چ yenye vitone vitatu tumboni, na گ yenye vijiti viwili juu. Ukiziona ndani ya orodha ya viambato, hicho si Kiarabu. Inaweza kuwa Kiajemi au Kiurdu, na neno la Kiarabu la njugu utalitafuta mpaka uchoke usilione, ingawa njugu zenyewe zimo.

Ipate orodha, usichanganywe na jedwali

Nyuma ya pakti kuna maandishi ya aina tatu yanayochanganya. Jedwali lenye gramu na kalori ni la lishe, halitakwambia kama mna njugu. Anwani ya kiwanda na ya muagizaji nayo iache. Unachokitaka ni aya iliyosongamana, yenye koma nyingi na mabano, inayoanza na neno hili na nukta mbili:

المكونات

Litamke *almukawwinat*, yaani viambato. Koma ya Kiarabu imepinduka hivi ، na aya inasomwa kutoka kulia, kama msahafu. Tofauti ni kwamba hapa hakuna irabu: fataha, kisira na dhumma hazikuandikwa. Zisikusumbue, kwani hutaki kulitamka neno bali kulilinganisha na lile la kwenye kadi, herufi kwa herufi.

Maandishi yakiwa madogo sana, piga picha karibu na dirisha kisha uikuze. Pakti za plastiki zinang'aa, kwa hiyo igeuze mpaka mng'ao utoke juu ya maneno. Kunjua pia ule mkunjo wa nyuma ambapo pakti imegandishwa. Mara nyingi mwisho wa aya, ambako ndiko kwenye onyo, hujificha chini yake.

Viambato hupangwa kwa uzito, kizito kwanza. Hiyo ni kanuni ya kimataifa na inafuatwa karibu kila nchi. Inasaidia kujua kama biskuti ni ya unga au ya sukari, lakini kwa mzio isikupe moyo. Njugu zilizotajwa mwisho kabisa, baada ya chumvi, bado ni njugu za kumdhuru mtoto.

Maneno ambayo tayari unayo

Chukua pakti yoyote ya Kiarabu na usome taratibu. Utakutana na سكر, sukari. Utakutana na لوز, lozi, na سمك, samaki. جبن ni jibini na سمن ni samli. سمسم ni simsim, yaani ufuta. كاجو, *kaju*, ni korosho. Ukiona معجون, hilo ndilo maajuni letu, na kwenye lebo lina maana ya kitu kilichosagwa kikawa kama uji mzito.

Kuna mawili ya kuyashika zaidi. Neno بندق lina herufi za bunduki, na kweli yametoka pahali pamoja, lakini kwenye lebo ni ile kokwa ya mviringo inayopenda kusagwa ndani ya chokoleti. Na neno بيض ni mayai. Wanaofunga Masiku Meupe, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi, wameshaliona neno hili katika الأيام البيض: herufi ni zile zile, maana ni nyingine.

Njugu zenyewe hazina msaada kama huo, kwa hiyo فول سوداني lazima ulizoee kwa macho. Kwanza lina vipande viwili, na mstari unaweza kukatika katikati: فول ikabaki juu, سوداني ikashuka chini. Pili, mara nyingi linavaa *al* mbele, likawa الفول السوداني. Tatu, Kiarabu hugandisha viunganishi. Herufi و, yaani "na", hushikana na neno linalofuata bila nafasi, hivyo utaona والفول السوداني. Ukitafuta neno linaloanza na ف utalipita. Tafuta katikati ya neno, na zaidi tafuta سودان, kwa sababu umbo hilo ni refu na halifanani na kiambato kingine chochote cha kawaida.

Tahadhari mbili za jirani. فستق, *fustuq*, peke yake ni pistashio, ile kokwa ya kijani, si njugu. Lakini katika nchi za Sham njugu nazo huitwa *fustuq* kwa kuongezewa neno la pili, kwa hiyo mwenye mzio wa njugu akiona فستق na hana uhakika, arudishe pakti. Neno مكسرات, *mukassarat*, ni jina la jumla la kokwa. Lina herufi ك س ر, zile zile za kisira, kwa kuwa asili yake ni kuvunja. Sheria za lebo huzitenga njugu na kokwa za miti, ila katika mazungumzo ya kawaida ya Waarabu njugu zimo ndani ya *mukassarat*. Lebo inayotaja *mukassarat* bila kufafanua ni lebo ya kuiacha.

Kwa mwenye mzio wa maziwa kuna mtego mmoja unaostahili kutajwa, kwani umewapoteza wengi. Maziwa yana majina mawili: حليب, *halib*, na لبن, *laban*. Hili la pili tumelisoma katika Suratu-n-Nahl, aya ya 66, na katika Sura ya Muhammad, aya ya 15, mito ya maziwa. Sasa lebo ikisema حليب خالي الدسم, neno خالي lina maana ya "bila", lakini kisichokuwemo ni *dasam*, mafuta. Hayo ni maziwa yaliyoondolewa mafuta, na kinachowadhuru wenye mzio wa maziwa ni protini, ambayo imebaki yote. Kinyume chake, زبدة الكاكاو ni mafuta ya kakao. Neno زبدة ni siagi, ila hapa si ya ng'ombe.

Sentensi ya onyo, na herufi mbili zinazobadilisha kila kitu

Chini ya orodha, au pembeni yake, tafuta تحذير. Ni *tahdhir*, ndugu wa tahadhari. Pengine utaona مسببات الحساسية: ndani ya neno la kwanza imo sababu, ndani ya la pili zimo hisi na hisia. Hivyo ndivyo Waarabu wanavyosema "visababishi vya mzio". Baada ya hapo inakuja sentensi moja kati ya hizi tatu.

يحتوي على, *yahtawi ala*: ina. Kitakachotajwa baada yake kimetiwa kwa makusudi.

قد يحتوي على, *kad yahtawi ala*: huenda ina. Mara nyingi hufuatwa na آثار, *athar*, ambalo ni athari yetu, yaani mabaki kidogo.

لا يحتوي على, *la yahtawi ala*: haina. Maana hiyo hiyo huandikwa pia خالٍ من.

Hapa kwenye قد pana jambo. Tunalisikia neno hili kila siku katika ikama, *kad kamati-s-sala*, na pale lina maana ya uhakika: sala imekwisha simama. Ni kwa sababu limefuatwa na kitendo kilichopita. Likifuatwa na kitendo cha sasa, kama *yahtawi*, maana inageuka kuwa "huenda" au "pengine". Kwa hiyo sentensi ya قد يحتوي haisemi kwamba njugu zimo bila shaka, na wala haisemi kwamba hazimo.

Kwenye لا kosa lake ni la haraka. Mtu anaona *la*, anafurahi, anaiweka pakti kapuni. Lakini *la* inatawala mpaka nukta tu. Sentensi inaweza kusema haina gluteni, ikafika nukta, na sentensi inayofuata ikasema huenda ina njugu. Soma kilichokanushwa ni kitu gani, kisha endelea mpaka mwisho wa aya.

Pengine hutaona *yahtawi* kabisa, bali maneno yenye مصنع, *masna*, kiwanda. Herufi zake ص ن ع ndizo zilizotupa neno sanaa. Sentensi ya namna hiyo inasema kuwa bidhaa imetengenezwa katika kiwanda ambacho kinatumia pia kitu fulani. Ukiona مصنع na سوداني katika sentensi moja, ihesabu sawa na "huenda ina".

Na "huenda ina" si ya kudharauliwa. Mashine moja hupitisha biskuti ya njugu, ikasafishwa, kisha ikapitisha biskuti ya vanila. Kinachobaki kwenye mikanda na mabomba hakigawanyiki sawasawa: pakti kumi zinaweza kuwa safi na ya kumi na moja ikawa na kipande. Ndiyo maana hoja ya "juzi alikula na hakudhurika" haina nguvu. Juzi alikula pakti nyingine.

Sasa upande wa pili, ambao watu wengi hawaujui. Katika nchi nyingi, zikiwemo za Ulaya na Marekani, sheria inamlazimisha mtengenezaji kutaja alichokitia, lakini onyo la "huenda ina" ni la hiari. Lebo isiyokuwa na onyo hilo haijathibitisha kuwa mashine ni safi. Inawezekana mtengenezaji ameamua tu kutoliandika. Kwa mtoto ambaye amewahi kupata shida kubwa kwa chembe ndogo, biskuti na chokoleti zisizojulikana ziachwe hata kama lebo haitaji njugu popote, kwa kuwa hivyo ndivyo vyakula vinavyopita kwenye mashine za pamoja zaidi ya vingine.

Tusome moja mpaka mwisho

Lebo hii imetungwa kwa maneno ya kawaida ya biskuti za tabaka zenye krimu. Si ya bidhaa yoyote maalumu.

المكونات: سكر، دقيق القمح، زيت نباتي (نخيل)، معجون البندق 8%، مسحوق حليب خالي الدسم، مسحوق كاكاو، مصل اللبن المجفف، مستحلب (ليسيثين الصويا E322)، ملح، نكهة الفانيليا.

تحذير: يحتوي على القمح والحليب والصويا والبندق. قد يحتوي على آثار من الفول السوداني والسمسم.

Pita mara ya kwanza ukitafuta سودان tu. Kwenye aya ya viambato halimo. Usisimame hapo.

Pita mara ya pili ukiangalia ndani ya mabano na kwenye kila kitu kilichotokana na kingine. Sukari, kisha *dakik*, unga, neno lenye asili moja na dakika: kitu kilichosagwa kikawa kidogo sana. Ni unga wa *qamh*, ngano. Mafuta ni ya *nabati*, ya mimea, na mabano yanataja *nakhil*, michikichi. Mabano haya yana thamani kubwa. Kama yangekuwa hayapo, usingejua mafuta ni ya mmea gani, na njugu ni mmea wa mafuta.

Kisha maajuni ya *bunduq*, asilimia 8. Si njugu. Lakini watu wengi wenye mzio wa njugu wana mzio pia wa kokwa fulani za miti, na ni daktari tu ndiye atakayekwambia zipi ni salama kwa mwanao. Kama hujaambiwa, lebo hii imeshashindwa hapa.

Endelea hata hivyo. Maziwa bila mafuta, kakao, kisha *masl al-laban*, maji ya maziwa yaliyokaushwa: bado ni maziwa. E322 ni lesithini, na namba hizi za E hazibadiliki lugha kwa lugha, jambo linalosaidia hata kwenye lebo ya Kirusi. Lesithini hutoka kwenye soya, mayai au alizeti. Hapa imetajwa kuwa ya soya. Namba tupu isingekwambia.

Sasa onyo. Sentensi ya kwanza ni *yahtawi* bila kitu mbele yake: ngano, maziwa, soya, bunduq. Kumbuka ile و imegandana: والحليب, والصويا, والبندق. Kisha nukta. Sentensi ya pili inaanza na قد, linakuja *athar*, na baada yake الفول السوداني. Ndilo. Njugu hazimo katika mapishi, lakini huenda zimo katika pakti. Inarudi rafuni.

Ukiwa umelizoea, zoezi hili halizidi dakika mbili. Na angalia jinsi ambavyo aliyeishia kwenye orodha ya viambato angeondoka nayo.

Pakti za Kituruki na za Indonesia

Kituruki kinaandikwa kwa herufi za Kilatini, kwa hiyo macho yanadhani yanaelewa. Orodha inaanza na *İçindekiler*. Hatari iko kwenye neno *fıstık*, ambalo limezaliwa na *fustuq* ile ile. *Yer fıstığı* ni njugu. *Antep fıstığı* ni pistashio. *Fıstık* peke yake inaweza kuwa yoyote kati ya hizo, basi ichukue kama njugu. Ile k ya mwisho hugeuka ğ neno linapoongezewa kiambishi, kwa hiyo usilitafute neno zima. Tafuta mwanzo wake, *fıst*, na ukumbuke kuwa ile ı haina kitone. *Fındık* ni bunduq kwa matamshi ya Kituruki.

Onyo la Kituruki limefichwa ndani ya kitendo chenyewe, na ni rahisi kulikosa kwa sababu tofauti iko tumboni mwa neno:

*içerir*, ina
*içerebilir*, huenda ina
*içermez*, haina

Kipande cha *-ebil-* ndicho "huenda". Na kitendo huja mwisho wa sentensi, baada ya kutaja vitu vyote. Kwa hiyo soma majina kwanza, kisha uende mwisho kuona yamehukumiwa vipi. Maneno *eser miktarda* yana maana ya kiasi kidogo sana, na *eser* ni athari yetu tena, imezunguka Istanbul.

Pakti za Indonesia mara nyingi hazina orodha ya onyo ya peke yake. Zina sentensi hii: *Mengandung alergen, lihat daftar bahan yang dicetak tebal*. Inasema: ina visababishi vya mzio, tazama viambato vilivyochapwa kwa herufi nzito. Kwa hiyo unarudi juu na kutafuta maneno meusi zaidi. *Kacang tanah* ni njugu, na *kacang* bila neno la pili ni jina la jumla la jamii ya kunde na kokwa: iache. Sentensi yenye *peralatan yang juga memproses* inasema vyombo vilivyotumika vinatengenezea pia kile kitakachotajwa. Hiyo ndiyo "huenda" yao.

Pakti isiyo na lebo, na bandiko la juu

Biskuti nyingi za mtaani huuzwa moja moja. Kifuko cha ndani kina jina la biskuti tu, na orodha imebaki kwenye boksi. Muombe mwenye duka: "Ami, naomba unionyeshe boksi lake, mtoto ana mzio wa njugu." Kama boksi limeshatupwa, au biskuti zimefunguliwa na kutiwa kwenye mifuko ya plastiki kwa kupima, hakuna la kusoma na hakuna la kukisia. Kuonja kidogo ili kuona si kipimo. Ni kumpa mtoto chenyewe kinachomdhuru.

Bandiko la muagizaji lililogandishwa juu ya lebo ya asili lina tatizo lake. Mara nyingine aliyefupisha tafsiri ameacha sentensi ya "huenda ina", au bandiko limeifunika. Soma zote mbili, na zikitofautiana fuata ile iliyo kali zaidi. Bandiko likiwa linapingana na lebo ya asili kuhusu njugu, piga picha ya yote mawili pamoja na namba ya toleo la kiwanda, uipeleke kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar.

Soma upya kila unaponunua, hata kwa pakti unayoijua rangi. Jina moja la biskuti linaweza kutengenezwa katika viwanda viwili vya nchi mbili, na viambato visifanane. Ile namba ya mistari myeusi nayo haikwambii kiwanda kiko wapi: inayoanza na 869 imesajiliwa Uturuki, 629 Falme za Kiarabu, 899 Indonesia, lakini biskuti yenyewe inaweza kuwa imeokwa kwingine. Nchi ya kutengenezwa itafute kwa maandishi. Kwa Kiarabu ni neno صنع في, "imetengenezwa katika", lenye herufi zile zile za sanaa.

Akishakula

Dalili huanza ndani ya dakika chache, na mara nyingi kabla ya kupita muda wa saa mbili tangu kula: vipele vinavyowasha, midomo au macho kuvimba, kutapika, kukohoa, pumzi kubana, sauti kukwama, mtoto kulegea. Pumzi, sauti au kulegea ni dharura. Kama daktari alishampa sindano ya adrenalini, ichomwe mara moja kwenye paja, upande wa nje katikati, kisha mbio hospitali hata akipata nafuu, kwani hali inaweza kurudi. Mlaze, asisimamishwe wala asitembezwe. Akiwa pumzi zinambana, mwache akae. Dawa ya kuwasha ya kumeza haifungui koo lililovimba, kwa hiyo usikae nyumbani ukiisubiri. Pakti, pamoja na biskuti zilizobaki, itie mfukoni uende nayo, ili daktari ayaone yale maneno kama yalivyochapishwa.